Jedwali la Mtawanyo: Mgongano, Mnyororo na Uwiano wa Ujazo

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu istilahi chache za fani ya kompyuta ambazo haziwezi kuundwa vyema na mtu asiyejua jinsi kitu kinachotajwa kinavyofanya kazi. Tutaeleza kitu chenyewe kwanza, kisha turudi kwenye majina. Sababu ya kufuata utaratibu huo ni kwamba majina ya Kiingereza katika sehemu hii ya fani hayaaminiki. Kuna mbinu moja ambayo wataalamu huiita kwa jina lenye maana ya “anwani zilizo wazi”, na mbinu hiyo hiyo huitwa na wataalamu wengine kwa jina lenye maana ya “mtawanyo uliofungwa”. Mfasiri anayetafsiri neno kwa neno ataandika kitu kimoja kuwa kimefunguliwa katika ukurasa huu na kuwa kimefungwa katika ukurasa ufuatao.

Kosa la namna hiyo si la lugha peke yake. Mwanafunzi anayesoma kwamba mbinu fulani ni “wazi” aweza kudhani kuwa haina kikomo cha kujazwa. Kwa kweli mbinu hiyo ndiyo yenye kikomo, na huanza kumchelewesha mtumiaji muda mrefu kabla haijajaa.

2. Jedwali lenyewe

Tuchukue mfano wa kabati la kadi za kamusi. Kadi zikipangwa kwa alfabeti, mtafutaji hufungua katikati, akaona kama neno lake liko mbele au nyuma, akaendelea kugawa nusu kwa nusu. Kwa kadi 50,000 atatazama kadi zisizozidi 16. Hiyo ni njia nzuri, lakini kuna njia nyingine ambayo haitaki kupanga kabisa: neno lenyewe liseme mahali pake. Tunachukua herufi za neno, tunazipitisha katika hesabu fulani, na jibu linakuwa namba ya kishubaka ambamo kadi itawekwa. Anayetafuta hufanya hesabu ile ile na kwenda moja kwa moja kwenye kishubaka hicho.

Mpango huu tutauita jedwali la mtawanyo, kwa kuwa kazi yake ni kuyatawanya maneno katika vishubaka pasipo kujali alfabeti. Hesabu yenyewe tutaiita kanuni ya mtawanyo, na kile kinachopitishwa katika hesabu, ambacho hapa ni neno, tutakiita ufunguo.

Kanuni ya mtawanyo haichaguliwi ovyo. Mtu aweza kupendekeza kwamba kila herufi ya kwanza iwe na kishubaka chake. Kwa Kiswahili pendekezo hilo ni baya tangu mwanzo, maana viambishi vya ngeli hulundika majina mengi mno chini ya herufi chache, hasa m, k na u, ilhali vishubaka vya q na x vitabaki vitupu siku zote. Kanuni njema ni ile inayotumia neno zima.

Hebu tutumie kanuni nyepesi. Tunahesabu herufi 26 za alfabeti ya Kirumi, a ikiwa 1, b ikiwa 2, hadi z ikiwa 26. Tunajumlisha thamani za herufi za neno, tunagawa jumla kwa 11, na baki ndiyo namba ya kishubaka. Vishubaka vyetu ni 11, vimeandikwa 0 hadi 10. Neno “kazi” ni 11 + 1 + 26 + 9, jumla 47. Ukigawa kwa 11 inabaki 3. Basi “kazi” ni la kishubaka cha 3. Haya ndiyo maneno manane tutakayoyaweka, kwa mfuatano wa kuingia kwake:

| Neno | Jumla | Kishubaka |
|---|---|---|
| shamba | 44 | 0 |
| mali | 35 | 2 |
| kazi | 47 | 3 |
| lima | 35 | 2 |
| ghala | 29 | 7 |
| soko | 60 | 5 |
| jembe | 35 | 2 |
| faida | 21 | 10 |

Msomaji ataona kuwa “mali”, “lima” na “jembe” yote yametumwa kwenye kishubaka cha 2. Huo ndio mgongano: funguo mbili au zaidi zilizo tofauti kupewa mahali pamoja. Mgongano si kosa la mashine wala si dalili ya programu mbovu. Maneno yawezayo kuandikwa ni mengi mno kuliko vishubaka, kwa hiyo hapana budi mengine yakutane. Linaloulizwa ni nini kifanyike yakikutana, na hapo ndipo mbinu mbili zinapoachana.

3. Mnyororo

Mbinu ya kwanza ni kuruhusu kishubaka kimoja kiwe na kadi nyingi zilizounganishwa. Kadi ya “mali” inaandikwa mahali ilipo kadi ya “lima”, na ya “lima” inaandikwa mahali ilipo kadi ya “jembe”. Hans Peter Luhn, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya IBM, aliandika wazo la namna hii mwaka 1953. Jina mnyororo linafaa, kwa kuwa kila pingu hushika inayoifuata na hakuna pingu inayojua mnyororo mzima.

Anayetafuta “jembe” huenda kwenye kishubaka cha 2, akasoma “mali”, akasoma “lima”, kisha akalipata “jembe” katika kadi ya tatu. Maneno mengine yote, isipokuwa “lima”, hupatikana kwa kadi moja tu. Tukijumlisha kadi zinazosomwa kwa kutafuta kila neno mara moja, tunapata 11 kwa maneno 8, yaani wastani wa 1.375.

Sasa tutafute neno ambalo halimo. Neno “mkulima” lina jumla ya 80, na baki yake ni 3. Tunakwenda kwenye kishubaka cha 3, tunasoma kadi ya “kazi”, mnyororo unakwisha, nasi tunajua kwamba “mkulima” halimo. Tumesoma kadi moja. Angalia kwamba msongamano wa kishubaka cha 2 haukumgusa hata kidogo mtafutaji wa kishubaka cha 3.

4. Anwani wazi

Mbinu ya pili haina minyororo. Kila kishubaka hubeba kadi moja, na neno linalokuta mahali pake pamekaliwa husogea hadi lipate mahali patupu. Njia nyepesi ya kusogea ni kwenda kishubaka kinachofuata, na baada ya kile cha mwisho kurudi kwenye 0. Njia hii ilitumika IBM mwaka 1954, na mwaka 1957 W. Wesley Peterson aliichapishia makala na kuipa jina la anwani wazi. Katika mwaka huo wa 1957, Andrei Ershov wa Urusi ya Kisovieti aliigundua peke yake.

Kilicho “wazi” katika jina hili ni anwani ya neno: kishubaka kilichotajwa na kanuni ni pendekezo tu, na neno laweza kuishia kwingine. Kwa upande mwingine, wanaoita mbinu hii “iliyofungwa” wana maana kwamba maneno yote yamefungiwa ndani ya vishubaka vilevile, wala hakuna kadi inayokaa nje. Majina yote mawili ni ya kweli. Yanatazama pande mbili tofauti za kitu kimoja.

Tuweke maneno yetu. “Shamba” linakaa 0, “mali” 2, “kazi” 3. “Lima” linataka 2, linakuta pamejaa, linajaribu 3, pamejaa pia, linakaa 4. “Ghala” linakaa 7 na “soko” 5. “Jembe” linataka 2, linapita 3, 4 na 5, na kukaa 6. “Faida” linakaa 10. Vishubaka vya 2 hadi 7 sasa vimeshikana bila pengo, na vilivyo vitupu ni 1, 8 na 9 tu.

Tukitafuta kila neno mara moja, tutatazama vishubaka 14 kwa maneno 8, wastani wa 1.75. Tofauti na mnyororo si kubwa. Lakini tutafute tena “mkulima”. Tunaanzia 3, tunaona “kazi”, hatuwezi kusimama, kwa sababu huenda “mkulima” lilisogezwa. Tunatazama 4, 5, 6 na 7, na tunasimama tunapofika kwenye utupu wa 8. Vishubaka sita kwa neno lisilokuwamo, ilhali kwenye mnyororo ilitosha kadi moja. Mtafutaji wa “mkulima” amelipa gharama ya mgongano wa “mali”, “lima” na “jembe”, maneno ambayo hayana uhusiano wowote na kishubaka chake.

Hali hii huitwa mlundikano, nao hujiongeza wenyewe. Neno jipya likitumwa popote kati ya 2 na 8 litaishia 8 na kulirefusha lundo. Hivyo kuna nafasi 7 katika 11 kwamba lundo litakua kwa neno moja tu linalokuja. Lundo lililo kubwa ndilo linaloongezewa.

5. Uwiano wa ujazo

Tumeweka maneno 8 katika vishubaka 11. Tukigawa 8 kwa 11 tunapata takriban 0.73. Namba hii ndiyo uwiano wa ujazo, nayo ndiyo inayotawala muda wa kutafuta. Jedwali la maneno 800,000 katika vishubaka 1,100,000 lina uwiano ule ule, na likiwa na kanuni njema ya mtawanyo, wastani wa kutafuta ndani yake ni karibu sawa na wa jedwali dogo lenye uwiano huo. Kwa hiyo tunapinga istilahi “mzigo” katika jina hili. Mzigo humfanya msomaji afikiri juu ya wingi wa maneno, na hapa wingi peke yake hauelezi kitu. Linaloeleza ni maneno kwa kulinganisha na nafasi zilizopo.

Mwaka 1962 Donald Knuth alitafuta fomula za mbinu ya kusogea kishubaka kimoja kimoja. Tukiuandika uwiano wa ujazo kwa herufi `a`, na kuchukulia kwamba kanuni inatawanya vizuri na jedwali ni kubwa, wastani ni huu:

```
Kusogea, neno limo:     (1 + 1/(1-a)) / 2
Kusogea, neno halimo:   (1 + 1/((1-a)*(1-a))) / 2
Mnyororo, neno limo:    1 + a/2
Mnyororo, neno halimo:  a
```

Kwa kusogea tunahesabu vishubaka vinavyotazamwa, pamoja na kile kitupu cha mwisho; kwa mnyororo tunahesabu kadi zinazosomwa. Jedwali likijaa nusu, yaani 0.5, mwenye kusogea hutazama vishubaka 1.5 kwa neno lililomo na 2.5 kwa lisilokuwamo. Kwa 0.75, namba hizo ni 2.5 na 8.5. Kwa 0.9 ni 5.5 na 50.5. Katika mnyororo wenye uwiano wa 0.9, neno lililomo hugharimu kadi 1.45, na lisilokuwamo kadi 0.9, maana mara nyingi kishubaka hukutwa kitupu.

Mambo mawili yanaonekana hapa. Kwanza, mnyororo hupanda kwa mstari ulionyooka na hauna ukuta mbele yake. Uwiano wake waweza kupita 1. Ukifika 2, neno lililomo hugharimu kadi 2. Anwani wazi haiwezi kupita 1 kabisa, na karibu na 1 gharama hupanda kama ukuta. Pili, anayeumia kwanza ni mtafutaji wa neno lisilokuwamo. Ukitaka kujua kama jedwali la anwani wazi limeanza kuelemewa, usipime maneno yanayopatikana. Pima muda wa kujibu kwamba “halimo”.

Hata hivyo msomaji asidhani kuwa mnyororo hushinda daima. Kila kadi ya mnyororo lazima ibebe pia anwani ya inayofuata, na kadi hizo huweza kutawanyika mbalimbali katika kumbukumbu ya kompyuta. Vishubaka vinavyofuatana hukaa bega kwa bega, na mashine huvichukua kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo, katika jedwali lisilojaa sana, vishubaka vitatu vya jirani vyaweza kutazamwa upesi kuliko kadi mbili zilizo mbali. Ndiyo maana lugha za programu zimechagua njia tofauti. `HashMap` ya Java hutumia mnyororo, na kwa kawaida hupanuka uwiano unapopita 0.75. Kamusi za Python, yaani `dict`, hutumia anwani wazi zenye utaratibu wa kuruka badala ya kusogea hatua moja moja, na hupanuka zinapojaa kiasi cha theluthi mbili.

6. Kupanua na kufuta

Kupanua jedwali ni kutengeneza vishubaka vingi zaidi na kuyahamisha maneno yote. Haiwezekani kuongeza vishubaka mwishoni na kuyaacha maneno yalipo, kwa kuwa baki hubadilika. Tugawe kwa 23 badala ya 11. Uwiano unashuka hadi 0.35, nasi tungetarajia nafuu. Lakini “mali”, “lima” na “jembe” yote yana jumla ya 35, na yote yanakwenda kishubaka cha 12. Zaidi ya hayo, “shamba” lenye 44 na “faida” lenye 21, ambayo hayakugongana hapo kwanza, sasa yanagongana katika kishubaka cha 21.

Hapa tunaona mpaka wa uwiano wa ujazo. Hutibu migongano inayotokana na uhaba wa nafasi, lakini hautibu kanuni mbaya. Kanuni ya kujumlisha herufi haitofautishi “mali”, “lima” na “mila”, na haitayatofautisha hata tukijenga vishubaka milioni. Dawa ni kuipa kila herufi uzito wa mahali pake: ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, na kuendelea. Hapo “mali” linakuwa 87, “lima” 73, “mila” 71 na “jembe” 92. Na hata kwa vishubaka 11 tu yanakwenda 10, 7, 5 na 4. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuitambua: ukipanua jedwali na muda wa kutafuta usipungue, tazama kanuni.

Kufuta nako kuna hila yake. Katika mnyororo tunaitoa pingu na kuunganisha zilizobaki. Katika anwani wazi, tukifuta “kazi” na kukiacha kishubaka cha 3 kitupu, anayetafuta “lima” ataanzia 2, ataona “mali”, atakwenda 3, atakuta utupu, na atajibu kwamba “lima” halimo, ilhali limo katika 4. Hili ni kosa la hatari kwa sababu halipigi kelele. Jibu hutoka upesi na ni la uongo. Dawa iliyozoeleka ni kuacha alama katika kishubaka ili kusema: hapa palikuwa na neno, endelea mbele. Alama hiyo huweza kupokea neno jipya, lakini kwa mtafutaji ni sawa na kishubaka kilichojaa. Jedwali linalofutwa na kuandikwa mara kwa mara laweza kuwa na maneno machache na bado likawa zito, kwa kuwa limejaa alama. Basi katika anwani wazi, uwiano wa ujazo uhesabiwe pamoja na alama za waliofutwa, na zikizidi jedwali lijengwe upya.

7. Majina tunayopendekeza

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza jedwali la mtawanyo, kanuni ya mtawanyo, ufunguo, kishubaka, mgongano na mlundikano, kwa maana zilizoelezwa. Kwa mbinu mbili tunapendekeza mnyororo na anwani wazi, na tunashauri kwamba majina “mtawanyo wazi” na “mtawanyo uliofungwa” yasitumike kabisa, kwa kuwa la kwanza ni jina la pili la mnyororo, na kwa sikio la msomaji litachanganywa na anwani wazi, ambayo ni kinyume chake. Tunapendekeza uwiano wa ujazo badala ya istilahi yoyote yenye mzigo. Mwalimu atakayeyatumia majina haya aongeze kila mara sentensi moja: katika mnyororo uwiano waweza kupita 1, katika anwani wazi hauwezi.